Mstari Mmoja wa Jikoni

“Kamera iwe juu, kikaango kinalia, mvuke unapanda, mikono inakata mboga.” Mistari ya namna hii huandikwa na watu wa matangazo, na wa vipindi vya mapishi, na siku hizi hata na wanaoziandikia programu za kompyuta zinazotengeneza video. Inasomeka vizuri. Chombo kimo, sauti imo, mwendo umo na mtu yumo. Lakini mkabidhi mpiga picha wa Mbeya mstari huo aende nao jikoni, utaona anausoma mara ya pili huku akikuna kichwa, maana vitu vinne alivyoandikiwa vinagombana vyenyewe kwa vyenyewe. Kuvipatanisha kabla moto haujawashwa ni ufundi, na mimi nausifu kuliko ufundi wa kushika kamera.

Ugomvi mkubwa ni wa kamera na mvuke. Ukitazama sufuria ukiwa umesimama kando, unauona mvuke ukipanda kwa sababu unapita mbele ya macho yako kutoka chini kwenda juu. Ukiwa juu yake kabisa, mvuke haupandi popote, unakujia usoni. Picha yake inakuwa ukungu unaotanda juu ya vitunguu, rangi zinapauka, kisha kioo cha lenzi kinashika maji na kila kitu kinapotea. Aliyeandika “juu” na “unapanda” katika sentensi moja alikuwa anakumbuka picha mbili tofauti.

Dawa zipo, na zote zinaanzia kwenye karatasi. Ya kwanza ni kuilaza kamera kidogo, isitazame chini wima bali iegemee upande wa mpishi, ili mvuke uonekane ukikatiza picha. Ya pili ni dirisha. Mvuke huonekana vizuri mwanga unapoupiga kutoka nyuma yake, ila kwa kamera iliyo juu “nyuma” ni chini ya sufuria, na huko hakuna pa kuweka taa. Kinachobaki ni mwanga wa ubavuni, ulio chini, unaoteleza juu ya ukingo wa chombo. Dirisha la jiko la asubuhi linatosha kabisa. Na chombo kiwe cheusi ndani: kikaango cha chuma kilichozeeka. Sufuria mpya ya alumini inang’aa weupe, na mvuke mweupe juu ya weupe haumwonyeshi mtu kitu.

Hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapompa mwandishi zawadi ambayo wengi hawaitumii. Mvuke wenyewe hauonekani. Tunachokiita mvuke ni matone madogo sana yanayojiunda pale hewa yenye unyevu moto inapokutana na hewa baridi. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa chini yake kidogo, na asubuhi za Juni na Julai ni za makoti na mashuka mabegani. Kwenye baridi ile sufuria ndogo tu ya mboga inatoa wingu nene. Anayeandika “asubuhi, Julai, dirisha wazi” amekwisha kufanya nusu ya kazi. Baridi hiyohiyo ina hila yake: kamera iliyolala kwenye gari ikiingizwa jikoni, kioo kinafunga ukungu kabla hata ya kupika. Iachwe ndani kwanza, ipate joto la chumba.

Angalizo dogo: kama jiko ni la mafiga na kuni ni mbichi, utapata moshi, na moshi si mvuke. Moshi una rangi ya buluu kidogo, unakaa, unawatoa watu machozi. Andika “mkaa uliokolea” na ugomvi huo utakuwa umeisha.

Tuje kwenye mikono. “Mikono inakata mboga” imebeba ndani yake kibao cha mbao, kisu kipana na meza, yaani jiko la mtu mwingine. Majumbani Iringa, kama ilivyo kwingi nchini, kitunguu hukatwa kiganjani. Mama anakishika kwa mkono wa kushoto, anakichanja mistari ya kwenda na ya kurudi kwa kisu kidogo, kisha anakikata kwa upana na vipande vinadondoka moja kwa moja kwenye mafuta. Nyanya nayo hivyohivyo. Kabichi hushikwa nusu yake, na kisu kinapita juu kwa haraka na wembamba, nyuzi zinaangukia kwenye sinia. Nimewahi kuona mpishi mzoefu amewekewa kibao mbele ya kamera. Kasi yake yote ilipotea, akawa kama anakata kwa mara ya kwanza.

Kwa kamera iliyo juu, kukata kiganjani ni bahati kubwa. Kikaango na mikono vinakaa katika fremu moja bila kuvihamisha, na kile kinachokatwa kinaonekana kikianguka hadi kinapolia. Tatizo ni moja: mikono iliyo juu ya chombo inakifunika. Basi ielezwe kwamba mama akate juu ya ukingo wa upande wa kushoto, na nusu ya kulia ya kikaango ibaki wazi. Maneno machache tu, lakini yakikosekana mtapika kitunguu cha pili, na cha tatu.

Na kule kulia kwa mafuta? Ni maji. Kitunguu kina maji mengi mno, na yakigusa mafuta yaliyopita nyuzijoto 100 yanageuka mvuke kwa mshindo, ndiyo ile sauti. Maana yake sauti ina umri. Inaanza kwa kelele, na kadiri maji yanavyoisha inanywea, ikawa nyembamba, na hapo kitunguu kinaanza kubadilika rangi. Ikiingia nyanya, kelele inarudi kidogo, kisha inazama na kuwa kububujika. Mwandishi asiyelijua hilo anaomba kikaango kinacholia na nyanya zilizoiva katika picha moja, na hatavipata. Tena kinasa sauti kisikae juu kwenye kamera, kwani kule kuna unyevu na umbali. Kiwekwe ubavuni, mbali na mafuta yanayoruka.

Mimi mstari ule ningeuandika hivi:

“Jikoni, Iringa, asubuhi ya Julai. Kikaango cheusi juu ya mkaa uliokolea, dirisha liko kushoto. Kamera juu, kama mita moja na robo, imeegemea kidogo upande wa mpishi. Mafuta ya alizeti yameshapata moto. Mikono ya mama inakata kitunguu cha Ruaha Mbuyuni kiganjani, juu ya ukingo wa kushoto. Vipande vinaanguka, mafuta yanalia, mvuke unaelea kwenda kulia. Picha isikatwe mpaka sauti inywee. Nyanya za Ilula zinasubiri kwenye sinia, hazijaguswa.”

Ni mrefu kuliko ule wa kwanza, na kila neno lililoongezeka limeondoa swali moja mdomoni mwa mpiga picha. Kazi yake sasa ni kufunga fimbo imara kati ya stendi mbili, kutundika mfuko wa mchanga zisianguke kwenye mafuta, na kusubiri mkono wa mama uanze.

Ila usiuchukue mstari huu kuupeleka Dar es Salaam mwezi wa Februari. Joto la kule halikupi wingu hilo. Itabidi uandike mwingine.