Ufundi wa Kutunga Majibu Yasiyo Sahihi

Msichana wa kidato cha pili aliingia maktaba ya umma ya Nakuru kutafuta kitabu cha kemia. Alipokipata, ndani yake akakuta karatasi kuukuu ya Hisabati, mtihani wa majaribio uliotungwa kwa mfano wa KCPE, ule mtihani wa darasa la nane uliofanywa Kenya kuanzia 1985 hadi 2023. Akajaribu swali moja: shati liliuzwa sh. 720 baada ya bei kupunguzwa kwa asilimia 10. Bei ya awali ilikuwa ngapi? Majibu yalikuwa 648, 730, 792 na 800.

Akatafuta asilimia 10 ya 720, akapata 72, akaijumlisha na kuchagua 792. Kwa kuwa jibu lake lilikuwemo, akaridhika. Lakini mtu fulani alikuwa ametia alama ya penseli kwenye 800. Akahakiki. Asilimia 10 ya 800 ni 80, zinabaki 720. Asilimia 10 ya 792 ni 79.20, zinabaki 712.80. Punguzo lilikatwa kwenye bei ya awali, hivyo 720 ni asilimia 90 ya bei hiyo.

Hapo akajiuliza: mtungaji aliitoa wapi 792? Akaona kwamba kosa lake lilikuwa limekokotolewa kabla yake. Akarudi kwenye majibu mengine. 648 ilimngoja anayepunguza bei mara ya pili. 730 ilimngoja anayedhani asilimia 10 ni shilingi 10.

Ufundi huo ndio ninaousifu. Majibu hayo huitwa vipotoshi, na mtungaji hodari hayabuni ovyo. Huyachota kwenye madaftari ya wanafunzi, mahali wanapokosea kweli. Kisha huyapanga kuanzia dogo hadi kubwa, ili nafasi ya jibu isifichue siri.

Baada ya mtihani huhesabu waliochagua kila jibu. Kipotoshi kisichochaguliwa na yeyote hakifanyi kazi: swali limebaki na majibu matatu, na anayebahatisha amepata nafasi moja kati ya tatu badala ya moja kati ya nne. Kipotoshi kikiwavuta hodari kuliko dhaifu, huenda swali lina maana mbili au jibu lililowekwa kuwa sahihi limekosewa.

Alama, hata hivyo, huificha kazi hiyo yote. Aliyechagua 730 na aliyechagua 792 wote hupata sifuri, ingawa wa pili anajua kukokotoa asilimia na wa kwanza bado. Kwa hiyo mwalimu asihesabu waliopata tu. Ahesabu pia nani alikwenda wapi. Wa 730 wafundishwe asilimia upya. Wa 792 waulizwe swali moja: asilimia 10 ya nini?