Vizibo vya Mwalimu

Mgeni alishuka garini akavua kofia. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Keti hapo mkekani kwanza. Kuna mtu anasoma."

Mtu mwenyewe alikuwa na miaka 7. Barazani, mbele yake, vilipangwa vizibo vya soda, kila kimoja na silabi iliyoandikwa kwa rangi ya kucha. Alivipitia kwa sauti ya madaha: ba, be, bi, bo, bu. Mgeni akapiga makofi. Mwalimu akagusa kizibo cha nne. "Hiki?"

Midomo ya mtoto ikacheza kimyakimya, ikianzia ba, ndipo akatamka: "Bo!"

"Umemwona? Bado anaimba, hajasoma."

Akavichanganya vizibo, akamwuliza bu kabla ya be, akarudi kwa bi. Hakuharakisha. Mtoto alipoacha kuchezesha midomo, ndipo alipoweka bo kando ya ga.

"Boga!"

Kisha akaondoa bo, akaweka mbo. Mtoto akavuta pumzi: "Mmm-bo-ga," akipiga makofi matatu, moja kwa kila silabi.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa m hiyo ina tabia mbili. Katika mtu inasimama peke yake na kudai kofi lake. Katika mboga inaingia ndani ya bo. Mwalimu hakueleza lolote. Alimwambia aite mboga kama anaipigia kelele jirani, kisha mtu vivyo hivyo. Mara ya nne makofi yakawa mawili kwa kila neno, na mtoto akashangaa mwenyewe.

Mgeni akapata nafasi. Alikuwa amejenga Dar es Salaam. Chumba cha Mwalimu kilikuwa tayari, choo ndani, hospitali karibu.

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Nitalala humo nikija kukusalimu, mvua zikikatika."

"Si kusalimu, Mwalimu. Kukaa."

"Kukaa siwezi. Huyu bado ana mwa na nywa mbele yake. Darasani wamejaa; mwalimu wao akisikia wimbo umetimia, anasonga mbele, na simlaumu."

"Hata Dar wapo watoto."

"Wapo. Lakini hawa wa hapa Kwimba nyumbani wanasema Kisukuma, kama mimi. Akiandika kula mahali pa kura, najua ulimi wake umetoka wapi. Wa kwenu nitaanza kuwasikiliza upya, na umri huu hauniruhusu." Akamtazama. "Wewe mboga ilikuchukua muda gani?"

Mgeni akacheka akiangalia chini. "Wiki mbili."

"Tatu."

Hakubisha tena. Aliuliza tu, basi amletee nini.

"Vizibo. Hivi vinapotea, hasa nywa."

Dereva akatumwa dukani kununua kreti moja ya soda. Watoto wa jirani wakaitwa kuzinywa. Vilipatikana vizibo 24, kimoja kikiwa kimepinda.