Nesi Anapovuka Ubeti

Philip Larkin alitunga "The Building" mwaka 1972, na miaka miwili baadaye likaingia katika diwani yake ya High Windows. Ni shairi la hospitali ambalo halisemi kuwa ni hospitali. Tunaonyeshwa jengo refu kuliko hoteli, magari yanayosimama mlangoni ambayo si teksi, na ukumbi wenye harufu ya kutisha. Ndani kuna safu za viti vya chuma, magazeti yaliyochanika na chai ya kununua kwa kikombe. Watu wamekaa na makoti yao, mifuko ya sokoni ikiwa imejaa nusu. Mwenye mfuko kama huo alitoka nyumbani akiwa na shughuli nyingine za siku hiyo. Larkin anautaja tu, kisha anapita.

Ufundi mkubwa uko mwisho wa ubeti wa pili. Kila baada ya dakika chache anatokea mtu wa aina ya nesi, na ubeti unakatika hapo hapo. Amefuata nini? Jicho livuke kwanza ile nafasi tupu ya karatasi, liufikie ubeti wa tatu, ndipo tujue kuwa amekuja kumchukua mtu. Waliobaki wanarudisha vikombe kwenye visahani, wanakohoa, wanachungulia chini ya viti kutafuta glavu au kadi iliyodondoka. Hakuna aliyesema anaogopa, ila kila mkono umejitafutia kazi.

Vina navyo vinasubirisha. Kila ubeti una mishororo saba, lakini mpango wa vina unahitaji minane. Kwa hiyo kuna kina kinachobaki bila mwenzake ubeti wa kwanza unapokwisha, na mwenzake anapatikana ubeti unaofuata. Kina cha mwisho hakipati mwenzake mpaka mshororo wa 64, ambao umesimama peke yake mwishoni kabisa.

Sasa mpe mtunzi wa tarbia kazi hiyo. Arudhi yetu, ile ambayo Kaluta Amri Abedi aliieleza katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, imezoea ubeti unaojitosheleza. Nesi akiingia mshororo wa pili, kufikia wa nne awe ameshamchukua mgonjwa, na kituo kifunge mlango. Msomaji anapumzika kila baada ya mishororo minne, na hofu inapumzika naye. Wengi hujaribu kuirudisha kwa maneno makali: machozi, kifo, maumivu. Hapo shairi huanza kupiga kelele.

Mimi ningeanzia kwenye kikapu. Bomet inajulikana kwa wingi wa saratani ya umio, na Hospitali ya Tenwek imewawekea wagonjwa wengi mrija wa waya unaotanuka ndani ya umio ili waweze kumeza tena. Ugonjwa huu huja kwa hatua ambazo jikoni wanaziona kabla ya daktari: ugali unakwama, kisha unabaki uji, kisha uji unafanywa mwembamba, mwishowe hata maji ni shida. Anayekwenda kupimwa kwa kamera ya koo hutakiwa asile wala kunywa kwanza. Basi mweke mchuma chai kwenye benchi, bintiye ubavuni, na kati yao kikapu chenye thamosi ya uji mwepesi ambayo haijafunguliwa. Msomaji wa Bomet hahitaji kuambiwa zaidi. Kipimo cha kazi hii ni rahisi: futa jina la ugonjwa popote lilipo. Hofu ikitoweka nalo, vile vitu vidogo vilikuwa mapambo tu.

Na kituo, kile kile kilichokuwa kikitufungia mlango, kinaweza kufanya kazi ya kusubiri. Tuseme kila ubeti, uwe unazungumzia kadi, foleni au mvua ya alasiri nje ya dirisha, unaishia hivi:

*Jina lake halitajwi, tumekaa kwenye benchi.*

Mizani ni minane kwa minane, sheria haijavunjwa. Msomaji anakizoea kama mtu anavyozoea kukaa. Kisha ubeti wa mwisho unakigeuza:

*Jina lake limetajwa, kikapu kiko benchini.*

Aliyekuwa katika "tumekaa" ameondoka, na hatujaambiwa amekwenda chumba gani. Hii si mbinu ya Larkin, na haina ule mvuto wa sentensi inayoning'inia kati ya beti mbili. Pia ina masharti yake. Kituo kigeuzwe mara moja tu, tena mwishoni. Ukikigeuza katikati, msikilizaji ataacha kusubiri jina liitwe, ataanza kusubiri mtunzi atacheza nacho vipi safari ijayo.