Siti Mbili, Macho Manne: Namna "Central do Brasil" Ilivyosuka Imani Njiani

Filamu ya Kibrazili "Central do Brasil", iliyoongozwa na Walter Salles na kutoka mwaka 1998, inahusu safari ndefu ya watu wawili wasiopatana. Dora ni mwalimu mstaafu anayeweka meza ndogo ndani ya stesheni kuu ya treni ya Rio de Janeiro na kuwaandikia barua watu wasiojua kusoma wala kuandika. Josué ni mtoto wa miaka tisa. Mama yake, Ana, anagongwa na basi nje ya stesheni hiyo muda mfupi baada ya kuandikisha barua ya kwenda kwa baba wa mtoto, aliyeko kaskazini-mashariki ya nchi. Dora kwanza anamuuza yule yatima kwa watu wanaodai kumtafutia wazazi wa kumlea, na fedha hizo ananunulia televisheni. Baadaye dhamiri inamsuta, anakwenda kumtorosha, na wote wawili wanapanda basi kumtafuta baba. Filamu ilishinda Dubu wa Dhahabu mjini Berlin, na Fernanda Montenegro, aliyeigiza Dora, akatunukiwa huko kama mwigizaji bora wa kike. Waliosifu filamu hii wamezungumzia sana upendo unaokua kati ya mwanamke yule na mtoto. Kinachonishughulisha mimi ni ufundi: upendo huo umejengwaje, ilhali karibu safari nzima hakuna anayemwambia mwenzake neno la upendo? Jibu langu ni kwamba Salles alifanya mambo mawili kwa mpangilio. Kwanza aliwafanya watazamaji wasiyaamini maneno, kisha akawaketisha wahusika wake mahali ambapo kumtazama mwenzako ni hiari.

Jambo la kwanza linakamilika kabla basi halijaondoka Rio. Filamu inafunguka kwa nyuso za wateja wa Dora, mmoja baada ya mwingine, kamera ikiwa karibu nao sana. Wanasema, wanakwama, wanameza mate, wanaanza upya. Baadhi yao si waigizaji. Meza ilipowekwa stesheni, wapita njia walisogea na kuomba kuandikiwa barua kwelikweli, na Salles akazitumia sauti zao. Halafu tunamfuata Dora nyumbani, tunamwona akizisoma barua zile na jirani yake Irene, wakicheka. Nyingine zinachanwa, nyingine zinatupwa kwenye droo, na chache ndizo zinazofika posta. Kwa hiyo mtazamaji ameonyeshwa kwamba sentensi iliyokamilika vizuri karatasini ndiyo inayokufa, na kwamba uhai ulikuwa pale mteja alipokwama. Tazama pia mama yake Josué. Mara ya kwanza anaandikisha barua ya hasira. Kisha anarudi, anataka barua ile ichanwe, na anaandikisha nyingine yenye upole kwa mwanamume yuleyule. Hakudanganya mara zote mbili. Anachokitaka hasa kimekaa katikati ya barua hizo, na hakuna hata moja inayokisema. Mtu aliyeyaona hayo yote haingii kwenye basi akisubiri kuambiwa. Anaingia akiwa tayari kuchungulia.

Basi nalo lina kanuni yake, na hapa ndipo penye ufundi wa pili. Watu wawili wakikaa mezani wanatazamana watake wasitake, na asiyetaka kutazama lazima ainamishe kichwa, jambo ambalo nalo linaonekana. Kwenye siti ya basi wote wawili wanaelekea mbele. Kutotazamana ndiyo hali ya kawaida, haina ujeuri ndani yake, na mtu anaweza kukaa hivyo saa nane bila kumkosea adabu jirani. Ndiyo maana kugeuza shingo kunakuwa tendo lenye uzito. Kioo cha dirisha kinampa kila mmoja mahali pa kuyaficha macho, na usingizi unampa mmoja nafasi ya kumtazama mwenzake bila kulipa gharama ya kuonekana. Salles na mpigapicha wake, Walter Carvalho, wanaitumia hali hii kwa subira. Mara nyingi sura zote mbili zimo ndani ya fremu moja, lakini macho hayakutani: Dora anatazama nje, Josué anamtazama Dora, na Dora anapogeuka mtoto ameshaangalia pengine. Mazungumzo yanakatika katikati kwa sababu msemaji hana haja ya kumaliza. Mtoto anaulizia jambo, mwanamke anajibu nusu, na nusu iliyobaki tunaipata kwenye bega au kidevu.

Kituo cha kwanza kikubwa kinaonyesha namna mbinu hii inavyoleta matokeo kwenye kisa chenyewe. Dora ameamua kumwacha mtoto. Amekunywa mvinyo njiani, mtoto naye akanywa akalewa na kuwasumbua abiria, na subira imemwisha. Anatia fedha ndani ya mkoba wa mtoto, anazungumza na dereva, anashuka, na anajipangia kurudi Rio. Kumbe mtoto naye ameshuka, na mkoba wenye fedha umebaki kwenye basi lililokwisha kuondoka. Mwandishi dhaifu angemfanya Josué aeleze kwa nini ameshuka. Hapa hakuna maelezo. Mtoto alikuwa ameshausoma mpango wa Dora, na sisi tunaelewa kwamba wakati tulipodhani Dora ndiye anayemchunguza mtoto, uchunguzi ulikuwa ukienda pande zote mbili. Kuanzia hapo usawa wa wawili hawa umebadilika: mwanamke aliyezoea kuwasoma wengine bila kusomwa amepata mtu anayemsoma.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, hata hivyo, umo kwenye sehemu ya César, dereva wa lori mlokole anayewapa lifti baada ya kukosa nauli. Ndani ya lori wamekaa watatu kwa mstari, wakielekea mbele kama kwenye basi, na ndimo Dora anamolegea. Uso wake unafunguka, anatabasamu, na dereva, mtu mpole aliyeishi peke yake barabarani, naye anachangamka. Kisha wanafika kwenye mgahawa wa njiani na kuketi mezani, ana kwa ana. Ni mara ya kwanza wanatazamana bila kisingizio cha barabara. Dora anaushika mkono wa César, akiyaweka wazi mapenzi aliyokuwa ameyaonyesha kwa macho tu. Anakwenda msalani, anaazima rangi ya mdomo kwa mwanamke asiyemjua, anajipaka kwa uangalifu mbele ya kioo. Anaporudi kiti ni kitupu, na kupitia dirisha la mgahawa anaona lori likiondoka. Tukisema tu kwamba César ni mwoga, tutakuwa tumekiona kisa na kuukosa ufundi. Kilichostahimili kilomita nyingi wakiwa wamekaa upande kwa upande kilivunjika dakika chache baada ya meza kuwekwa kati yao. Filamu imejipima yenyewe: imewachukua watu walewale, hisia ileile, ikabadilisha namna ya kukaa tu, na jibu limetoka tofauti.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa makini, nalo ni kwamba sifa hizi zote ni za Montenegro, na kwamba mwigizaji wa kiwango chake angeyafanya macho yake yaseme hata akiwekwa jangwani. Ni kweli ni mwigizaji mkubwa, na uteuzi wake wa Oscar haukuwa wa bahati. Lakini macho hayohayo, yakiwa stesheni Rio, yanasema kitu kimoja tu: dharau. Carvalho anawapiga picha wapita njia wa nyuma yake wakiwa wamefifia, kama vile hawana sura, kwa kuwa Dora mwenyewe hawaoni. Safari inavyosonga kaskazini, mandhari ya nyuma yanapata ukali, mbingu inaingia ndani ya fremu, na ndipo macho ya Dora yanapopata kitu cha kutazama. Isitoshe, nusu ya macho haya manne si ya mwigizaji mzoefu. Vinícius de Oliveira alikuwa mtoto wa kupiga viatu rangi kwenye uwanja wa ndege wa Rio alipokutana na Salles, na hakuwahi kuigiza kabla. Mtoto kama huyo hawezi kubebeshwa kazi ya kuonyesha hisia saba kwa jicho moja. Anachotakiwa ni kutazama kwelikweli, na maana inatolewa na picha inayofuata. Mrusi Lev Kuleshov alikwisha kulionyesha hilo kwa majaribio yake tangu miaka ya mwanzo ya filamu: uso mmoja usiobadilika unasomwa kwa namna tofauti kulingana na kilichowekwa kando yake. Uhariri wa filamu hii unafuata kanuni hiyo. Unatupa uso wa Josué kwanza, halafu kile anachokiona, halafu uso tena, na kazi ya kujumlisha tunaachiwa sisi.

Mbinu yote inalipa katika tukio la barua ya baba, mwishoni mwa safari. Wamewapata kaka wawili wa Josué, Isaías na Moisés, lakini baba mwenyewe hayupo. Josué amejitambulisha kwa jina la uongo. Isaías ana barua ambayo baba alimwandikia Ana, na kwa kuwa hao ndugu hawajui kusoma, anamwomba Dora aisome. Dora anasoma. Baba anataja wale anaotamani kuwa nao tena, anawataja wanawe wakubwa, na hapo sentensi inaishia. Dora anasita, anamtazama mtoto, na anaongeza jina la Josué na hamu ya baba ya kumwona. Mtoto anamtazama pia, kwa kutojua kama amesikia kilichoandikwa au kilichotolewa moyoni. Mwanamke aliyekuwa akizichana sentensi za watu zilizokamilika sasa anaikamilisha ya mtu iliyokuwa pungufu. Ni uongo, na ndiyo kauli ya kweli kuliko zote alizotamka katika filamu nzima. Tunaijua kuwa ya kweli kwa sababu ya ule mtazamo uliotangulia, nao tumejifunza kuusoma tukiwa kwenye basi.

Mtu anaweza kusema tena kwamba basi lenyewe lina sehemu ndogo, na kwamba lori, msafara wa mahujaji na nyumba za makazi mapya vinachukua muda mwingi zaidi. Nakubaliana na hesabu hiyo, lakini haivunji hoja. Siti ya basi ilitoa kanuni, na sehemu zilizobaki zinaitumia au kuivunja. Dora anapoondoka alfajiri, amepanda basi tena, yuko peke yake, anamwandikia Josué barua huku akitazama ndani ya kitazamio kidogo cha plastiki chenye picha waliyopigwa pamoja, na mtoto, mbali naye, anatazama ndani ya kitazamio kama hicho. Hawatazamani, lakini wanatazama kitu kimoja, kama walivyofanya siku zote wakiwa siti moja.

Pale ambapo filamu inanipoteza ni muziki wa Antonio Pinto na Jaques Morelenbaum katika dakika hizo hizo. Nyuzi zinapanda na kutuambia tuhuzunike, baada ya karibu saa mbili za kutuamini tujue wenyewe. Kasoro ya namna hiyo imo pia kwenye usiku wa mahujaji, ambapo kamera inazunguka na mishumaa inatufanyia kazi ambayo macho ya Dora yalitosha kuifanya. Mwongozaji aliyetuachia nusu za sentensi njia nzima hakuwa na sababu ya kutumalizia hizi mbili.