Kasi ya Kitone cha Ukungu

Ukipanda kutoka Marangu kuelekea Mandara, kuna sehemu za msitu ambako mvua hainyeshi na bado nguo zinalowa. Ukungu unapita kati ya miti, nyusi zinashika vitone, wala huoni kinachoanguka. Hata hivyo, kila kitone kinaanguka kwa kasi yake, na ufundi wa kuipata kasi hiyo ni wa mstari mmoja:

m dv/dt = mg − kv

Uzito unavuta chini; ukinzani wa hewa, unaokua sawia na kasi, unazuia. Aliyezoea kalkulasi atakimbilia kutafuta integrali, na nusu ukurasa baadaye atapata v = (mg/k)(1 − e^(−kt/m)). Jibu hilo linaeleza safari nzima. Ila anayetaka kasi ya ukomo peke yake aliianza kazi akiwa nayo mkononi: kasi isipobadilika tena, dv/dt ni sifuri, basi mg = kv, na v = mg/k.

Hapa wengi huteleza, wakidhani kani zikilingana kitu husimama. Kinachofikia sifuri ni mchapuko. Kitone bado kinashuka. Fundi makini hutazama pia pande mbili za jibu lake. Kasi ikiwa chini ya mg/k, upande wa kulia ni chanya, kwa hiyo kasi inapanda. Ikizidi, upande huo ni hasi, kasi inashuka. Ndiyo maana kitone huishia kwenye kasi ileile, kianze vyovyote kitakavyoanza.

Tuchukue kitone chenye nusu kipenyo cha mikromita 10. Kwa kanuni ya George Stokes ya mwaka 1851, k = 6πμr, ambapo μ ni mnato wa hewa. Ukiweka tarakimu, mg/k inatoka takriban sentimita 1.2 kwa sekunde, na kitone huikaribia ndani ya milisekunde chache tu. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mnato hautegemei mgandamizo wa hewa, hivyo hewa nyepesi ya Mandara, mita 2,720 juu ya bahari, inakizuia karibu sawa na ile ya Moshi mjini.

Kwa kasi hiyo, kushuka mita moja huchukua zaidi ya dakika. Upepo mwanana unaopanda mlima unakibeba kitone kando muda wote huo, mpaka kigonge jani au kuvumwani zilizoning'inia matawini. Hapo vitone vinaungana. Nusu kipenyo kikiongezeka mara mbili, uzito unakua mara nane na k mara mbili, kwa hiyo kasi inakua mara nne. Matone makubwa yanadondoka chini ya mti, huku penye uwazi hatua chache pembeni kipimamvua kikiokota kidogo sana.

Tone la mvua lenye nusu kipenyo cha milimita 1 lingepewa na kanuni hiyohiyo mita 120 kwa sekunde. Lingetoboa majani ya migomba! Kasi yake halisi ni kama mita 6.5, kwa sababu katika ukubwa huo ukinzani hufuata zaidi mraba wa kasi. Andika basi cv² mahali pa kv, weka mchapuko sifuri kama mwanzo, nawe utapata v = √(mg/c).