Ufa wa Keki ya Jibini Katika Baridi ya Mbulu

Keki mbili, vipimo vilevile: jibini laini gramu 500, sukari gramu 130, maziwa mgando mazito gramu 150, mayai matatu. Zote nilizioka Mbulu mjini mwezi wa Julai, kwenye oveni ya nyuzi 160. Ya kwanza ilipasuka katikati, ya pili ikatoka nyororo.

Kosa lilianzia kwenye jibini. Julai, jiko la Mbulu lina ubaridi wa kutosha kulifanya jibini libaki gumu hata likikaa mezani saa nzima. Nikaona madonge, nikaongeza kasi ya mashine. Madonge yalipungua, lakini hewa iliingia. Ndani ya oveni hewa hiyo ilitanuka, keki ikafura kama andazi, kisha ikabwaga tumbo. Mara ya pili nililitumbukiza jibini, likiwa kwenye pakiti yake, katika maji ya vuguvugu kwa robo saa. Nikalilainisha na sukari kwa kasi ya chini, nikatia yai mojamoja na kusimamisha mashine mara tu kiini kilipopotea. Hapo ndipo wengi huharibu, maana yai hushika hewa kuliko jibini.

Bakuli la maji ninamoweka chombo cha keki wakati wa kuoka nalo lina mipaka yake. Mbulu iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 94. Kwa hiyo oveni iwe kali namna gani, kingo za keki haziguswi na joto kupita hilo. Lakini maji hayalindi uso wa juu, wala hayamwokoi anayeoka kupita kiasi: mayai yakikaza mno, hukamua maji na keki hujivuta. Mimi huitoa kingo zikiwa zimeshika na katikati, upana wa vidole vinne, pakitikisika kama uji ulioanza kuganda.

Kule Katesh, chini ya mlima Hanang, nimeona keki hii ikiokwa kwa mkaa: chombo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, makaa machache juu ya mfuniko. Makaa hayo huufanya mfuniko uwe moto, mvuke usidondokee keki.

Ufa wa joto kupita kiasi huwa mpana, hukaa katikati, na huonekana keki ingali jikoni. Ufa wa kupoa ghafla ni mwembamba, huanzia ukingoni, nao huja baadaye, upepo wa dirishani ukiipiga keki iliyong'ang'ania chombo. Sasa huzima oveni, nikabana mwiko mlangoni pabaki upenyo, nikaiacha keki saa nzima. Kisha napitisha kisu kuzunguka ukingo ili keki ijivute bila kuraruka, naiacha ipoe mezani mbali na dirisha, na ndipo inaingia kwenye friji hadi kesho yake.