Kalenda Ndani ya Pikseli 16: Uchambuzi wa Aikoni Ndogo Iliyochorwa kwa Mkono

Favikoni, yaani aikoni ndogo inayokaa kwenye kichupo cha kivinjari, huonyeshwa kwa pikseli 16 kwa 16 katika skrini ya kawaida, ilhali aikoni ya programu hiyohiyo huweza kuhitajika kwa pikseli 180 kwenye aifoni na kwa pikseli 512 kwingineko. Kwa kuwa mchoro wa vekta, ambao huhifadhiwa kama vipimo vya mistari na maumbo badala ya vitone vya rangi, unaweza kutolewa kwa ukubwa wowote, wabunifu wengi huchora picha moja kubwa na kuiachia kompyuta kazi ya kuipunguza. Njia hiyo huridhisha katika ukubwa wa juu, lakini hushindwa pale ambapo mstari mmoja wa mchoro unakuwa mwembamba kuliko pikseli moja, na sababu ya kushindwa huko inaweza kuonyeshwa kwa hesabu.

Uchambuzi huu unachukua mfano wa aikoni ya programu ya kalenda. Mchoro wake mkuu una upana wa pikseli 512, na kila upande umezungushiwa fremu yenye unene wa 20. Ndani ya fremu zimepangwa siku za juma katika safuwima saba za viraba, kila kiraba kikiwa na upana wa 40 na nafasi ya 24 kati yake na jirani yake, na nafasi hiyohiyo ya 24 imeachwa kati ya viraba vya pembeni na fremu. Fremu, yenye pembe za mviringo, na viraba vina rangi moja ya buluu nzito juu ya mandhari nyeupe, juu yake kuna utepe mwekundu wa kichwa na pete mbili, na kwa ukubwa huo kila kitu kinaonekana bila shida.

Picha hiyo inapopunguzwa hadi pikseli 16, kila kipimo hugawanywa kwa 32. Fremu inabaki na unene wa 0.625, kiraba 1.25, na nafasi 0.75. Skrini haiwezi kuwasha sehemu ya pikseli, kwa hiyo kompyuta hufanya ulainishaji wa kingo, yaani huipa kila pikseli rangi hafifu kulingana na sehemu yake iliyofunikwa na mchoro. Pikseli ya kwanza kutoka kushoto imefunikwa na fremu kwa 0.625. Kiraba cha kwanza kinaanzia 1.375 na kuishia 2.625, hivyo kinafunika 0.625 ya pikseli ya pili na 0.625 ya pikseli ya tatu. Kwa kuwa kiraba na nafasi yake kwa pamoja ni pikseli 2 kamili, hesabu hiyo inajirudia bila mabadiliko hadi ukingo wa kulia, na matokeo yake ni kwamba pikseli zote 16 za safumlalo hiyo hupata kiwango kilekile cha rangi, asilimia 62.5. Siku saba na pande mbili za fremu zinageuka kuwa utepe mmoja wa buluu iliyopauka. Iwapo viraba vingeanzia kwenye 32 badala ya 44, pikseli moja ingejaa na inayofuata ingebaki na robo tu, na kwa hiyo milia ingeonekana. Lakini milia saba ya pikseli moja moja ingetetema machoni bila kumwambia mtazamaji kwamba anaangalia kalenda.

Tiba yake ni kuuweka mchoro mkuu kando na kuanza upya kwenye gridi, kama Susan Kare alivyofanya alipochora aikoni za Macintosh ya 1984 kwa kujaza viraba vya karatasi ya grafu. Swali la kwanza ni kitu gani kitolewe, na hapa jibu ni idadi ya siku, kwa sababu anayeitazama kalenda ndogo hahesabu safuwima, bali huitambua kwa fremu, utepe wa kichwa, pete mbili za juu na mpangilio wa viraba. Fremu inapewa pikseli 1 kila upande, na ndani zinabaki 14. Viraba vitatu vyenye upana wa pikseli 2, vikitenganishwa na nafasi mbili za pikseli 2, vinachukua 10, na zinazobaki 4 zinagawanywa sawa pembeni. Kwa wima, safumlalo ya juu kabisa inabeba ncha za pete, nne zinazofuata ni utepe mwekundu wa kichwa, kumi zinabeba viraba katika mistari miwili pamoja na nafasi zake, na ya mwisho ni fremu ya chini. Pete, zenye upana wa pikseli 2 kila moja, zinawekwa juu ya safuwima ya kwanza na ya tatu ya viraba, ili macho yapate mistari ya wima iliyonyooka. Pembe za mviringo za mchoro mkuu zinawakilishwa kwa kufuta pikseli moja tu katika kila pembe ya chini.

Katika pikseli 32 safuwima saba zinaweza kurudi, kwa kuwa fremu ya pikseli 1 inaacha 30 ndani, na viraba saba vya pikseli 2 pamoja na nafasi sita za pikseli 2 vinachukua 26, huku 2 zikibaki kila upande. Hata hivyo skrini zenye msongamano maradufu hutumia picha hiyo ya 32 mahali palepale ambapo skrini ya kawaida ingetumia ile ya 16, hivyo siku saba zitaonekana safi lakini ndogo sana, na mbunifu anayetaka kalenda isomeke haraka anaweza kubaki na tatu.

Kazi hii huharibika kirahisi wakati wa kufungasha. Faili la ICO, ambalo vivinjari vimelitumia kwa favikoni tangu Internet Explorer 5 ya 1999, hubeba picha kadhaa za ukubwa tofauti, na kila picha inapaswa kuingizwa ilivyochorwa:

```
magick kalenda-16.png kalenda-32.png kalenda-48.png favicon.ico
```

Chaguo la `icon:auto-resize`, ambalo hutajwa katika maelekezo mengi, huzalisha ukubwa mdogo kutoka picha moja kubwa, na hivyo hurudisha utepe uleule uliopauka. Hatari ya pili ni kutangaza faili la SVG pembeni ya ICO, kwa sababu kivinjari kinachoikubali SVG kinaweza kuichagua, kikaipunguza chenyewe na kuiacha picha ya mkono bila kuigusa. Anayetaka SVG kwa favikoni hana budi kuichora juu ya gridi ya 16, kila ukingo ukikaa kwenye namba kamili.

Ukaguzi nao ni rahisi. Amri ifuatayo huhesabu rangi zilizomo katika picha:

```
magick identify -format "%k\n" kalenda-16.png
```

Kalenda iliyochorwa kwa mkono inapaswa kutoa idadi ndogo, yaani buluu, nyekundu, nyeupe na uwazi wa pembe, pamoja na rangi ya pete ikiwa ni tofauti. Idadi ikifika makumi, kuna hatua iliyoipunguza picha kwa siri.

Mpaka wa njia hii unaonekana katika Windows, ambapo mtumiaji akikuza skrini kwa asilimia 125 aikoni ya 16 huhitajika kwa pikseli 20, na kwa asilimia 150 huhitajika kwa 24. Gridi ya 16 haigeuki kuwa ya 20 bila kuvunjika, kwa hiyo programu ya kompyuta ya mezani inastahili kuchorewa 16, 20, 24 na 32, ilhali tovuti inaweza kutosheka na 16 na 32. Kuanzia 48 kwenda juu fremu ya mfano huu inakaribia pikseli 2, na mchoro mkuu unaweza kupunguzwa na kompyuta, mradi kingo zake zikaguliwe.